Kopo la Samaki Lililobonyea: Soma Tarehe, Kisha Kagua Ukingo

Katoni za samaki wa kopo zinazosafirishwa kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na visiwa vingine hupakiwa na kupakuliwa mara kadhaa, na zikirushwa, baadhi ya makopo hubonyea. Makopo hayo huishia kuuzwa kwa bei ya chini. Malalamiko tunayopokea yanaonyesha kuwa wanunuzi wengi hutazama tarehe tu. Haitoshi, kwa kuwa mtengenezaji aliipanga tarehe hiyo kwa kopo zima.

Herufi BB zinahusu ubora: tarehe ikipita, ladha inaweza kupungua, lakini chakula cha kopo zima bado kinaweza kulika. EXP ni mwisho wa matumizi: ikipita, usile. Palipoandikwa 03/2027, hesabu hadi siku ya mwisho ya Machi. Maelezo kuhusu BB yanamhusu mlaji mwenye kopo nyumbani. Muuzaji asiyafanye ruhusa ya kuacha bidhaa zilizopitwa na tarehe rafuni.

Sasa chukua kopo la gramu 425 lenye EXP 03/2027, limebonyea ubavuni. Pitisha kidole. Kama pamebonyea kidogo, hapana ncha wala mkunjo mkali, na ni mbali na kingo, linafaa, litumie mapema. Kama kidole kinazama, au bati limekunjika, liache.

Kisha zungusha kidole kwenye ukingo wa juu na wa chini, pale kifuniko kilipokunjwa pamoja na bati la ubavuni. Hapa hata pigo dogo ni hatari kuliko bonde pana ubavuni. Pigo hilo linaweza kufungua upenyo usioonekana kwa macho, na kwa kuwa ndani ya kopo hewa imepunguzwa, unyevu wa nje hunyonywa pamoja na bakteria bila hata tone la mchuzi kuvuja. Ukingo ukiwa umebonyea, usinunue, hata kama tarehe ni ya miaka miwili ijayo.

Tunaambiwa kila mara kwamba ukinusa utajua, au kwamba moto unamaliza kila kitu. Si kweli. Sumu ya botulizimu, ugonjwa wa chakula unaopoozesha misuli, inaweza kuwemo bila harufu wala ladha, na mbegu za bakteria wake hustahimili maji yanayochemka. Kopo lililovimba, au ambalo kifuniko chake kinabonyea na kurudi ukikibonyeza, lisifunguliwe wala kuonjwa. Aliyekula kisha akaona ukungu machoni, kope zikalegea au akashindwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja.

Ukitaka kulalamika, usilitupe kopo. Lifunge kwenye mifuko miwili, liweke mbali na watoto, tunza risiti, andika jina la duka, tarehe ya kununua na namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye bati, kisha toa taarifa TBS, ambayo tangu Julai 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Bila namba ya toleo, mkaguzi hawezi kuyafuatilia makopo mengine ya mzigo uleule.