Mute na Hold: mteja wako anasikia nini?

Kazi yangu ni kufunga simu za ofisini na kuwafundisha wanaozipokea. Swali ambalo wapokezi huniuliza zaidi ni hili: nikibonyeza Mute ili nimuulize mwenzangu jambo, mteja ananisikia? Na je, Hold si kitu kilekile?

Si kitu kimoja. Simu hubeba sauti mbili kwa wakati mmoja: yako inayokwenda na ya mwenzako inayokuja. Mute huikata ile inayokwenda tu, tena huikatia hapohapo kwenye kifaa chako. Sauti ya mteja inaendelea kukufikia, hata maneno anayomwambia mtu aliyekaa naye akidhani hakuna anayemsikiliza. Hold ni amri ambayo simu yako inaituma kwenye swichibodi ya ofisi, au kwenye mtandao kama ni simu ya mkononi. Baada ya hapo hamsikilizani tena, si wewe wala yeye. Atakachosikia mteja kinaamuliwa na swichibodi au kampuni ya simu: muziki, mlio unaojirudia, tangazo la kumwomba asubiri, au kimya kitupu.

Kwa mafundi wanaochunguza simu za SIP, Hold huonekana kwenye ujumbe unaotumwa mazungumzo yakiwa yanaendelea, mara nyingi kwa mstari kama huu:

```
a=sendonly
```

Maana yake ni kwamba upande uliobonyeza unaweza kupeleka sauti, kwa mfano muziki, ila haupokei. Mute ya kawaida haibadilishi mstari huo, kwa kuwa kwa mtandao mazungumzo bado yako wazi pande zote.

Anayesubiri anaweza kutambua tofauti. Ukibonyeza Mute, feni, magari na kelele za ofisi yako hupotea ghafla, lakini simu haijakatika. Ndiyo maana wengi huanza kuita "haloo, haloo" na mwisho wanakata wenyewe. Usipotaka hilo, mwambie kabla ya kubonyeza: "Naomba dakika moja, mama, niangalie faili lako."

Sasa niwaeleze kisa cha ofisi moja iliyoniita. Mteja alipiga kulalamikia marejesho ya mkopo wake. Mpokezi alikuwa amevaa hedseti yenye kitufe cha Mute kwenye waya, akakibonyeza, kisha akainua mkono wa simu ya mezani ili ampe mhasibu asikilize. Wakati wakipokezana alimwambia mhasibu kwamba huyu ndiye yule msumbufu wa kila mwezi. Mteja akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye msumbufu, dada?"

Kitufe kilikuwa kizima. Kilichotokea ni kwamba kitufe cha kwenye waya hukata maikrofoni ya hedseti tu, na mkono wa simu una maikrofoni yake. Ulipoinuliwa, simu ilihamia huko, na huko hakuna aliyekuwa amezima chochote. Kitufe cha Mute kilicho kwenye simu yenyewe ndicho cha kutegemea, kwa sababu kwa kawaida hufunga sauti ya simu hiyo hata ikitoka maikrofoni ipi. Taa yake nyekundu, kama ipo, iangalie kabla hujafungua mdomo.

Hata taa ikiwaka, kuna njia mbili ambazo maneno yako bado yanaweza kutoka. Moja ni jirani yako: kama naye yuko kwenye simu, maikrofoni yake inaweza kunasa sauti yako, na mteja wake akakusikia. Nyingine ni rekodi. Ofisi zinazorekodi simu hazifanani. Pale ambapo rekodi inachukuliwa kwenye laini inayoingia, anayesubiri kwa Hold anaweza kuendelea kurekodiwa huku wewe humsikii. Na pale ambapo inachukuliwa kwenye hedseti ya mhudumu, yanayosemwa wakati wa Mute yanaweza kubaki humo. Muulize msimamizi wa mfumo wenu, usikisie.

Hold ina tatizo lake kwenye mkutano wa simu. Mkiwa watano na mmoja akaweka Hold ili apokee simu nyingine, muziki wa swichibodi yake unamiminika kwenye mkutano mzima, na hakuna wa kumwambia kwa kuwa hawasikii tena. Wanne waliobaki hawana la kufanya ila kusubiri arudi, au mwenye mkutano amtoe. Kwenye mkutano tumia Mute. Ukilazimika kupokea simu nyingine, toka kabisa kisha urudi.

Kwa wenye kulipia dakika: Mute na Hold zote haziachishi simu kuhesabiwa. Mteja aliyepiga kwa salio lake anaendelea kulipia muziki wenu, kwa hiyo ukiona jambo litachukua muda, chukua namba yake umpigie wewe.

Kuhakikisha simu za kwenu zinafanyaje, mpigie mwenzako aliye chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa. Bonyeza Mute uhesabu kwa sauti hadi kumi, naye aseme neno lolote. Rudia kwa Hold. Kisha fanya tena ukihama kutoka hedseti kwenda mkono wa simu, na kutoka mkono wa simu kwenda spika, maana ndiko kwenye makosa mengi.