1,250 au 1.250: mkato na nukta kwenye kiasi

Muuzaji wa pilipili manga kutoka Muheza akiandika "1,250 kg" kwenye barua pepe, anamaanisha kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Mnunuzi wake wa Hamburg anaweza kusoma kilo moja na robo, akadhani anatumiwa sampuli. Ujerumani mkato ndio unaotangulia desimali, na nukta ndiyo inayotenga maelfu. Tanzania na Kenya ni kinyume chake.

Si kila namba inaleta mkanganyiko. "3,900.00" na "3.900,00" zinasomeka popote, kwa kuwa alama mbili tofauti zikiwamo, ya mwisho ndiyo ya desimali. "3,12" nayo haina shida, maana maelfu hayaachiwi tarakimu mbili tu. Hatari iko pale alama ni moja na nyuma yake kuna tarakimu tatu kamili. Hapo namba yenyewe haisemi chochote, na msomaji anafuata mazoea ya kwao.

Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato zote mbili kwa desimali. Kwa kutenga maelfu ulisisitiza nafasi tupu, isiwe nukta wala mkato. Katika barua pepe naona ni salama zaidi kuondoa hata hiyo nafasi, kwa sababu mstari unaweza kukatika hapo hapo, "1" ikabaki juu na "250" ikashuka chini. Muuzaji wetu aandike hivi:

```
1250 kg x EUR 3.12 = EUR 3900.00
```

Juu yake aongeze sentensi moja: "Katika barua hii nukta ni ya desimali, na maelfu hayatengwi." Mjerumani akijibu kwa "3.900,00", maneno yake yaliyonukuliwa yasiguswe, muuzaji aendelee na mtindo wake katika aya zake mwenyewe.

Wengi hujikinga kwa kuweka tarakimu mbili za senti kila mara, na kwa euro inatosha. Kwa rial ya Oman haitoshi. Rial moja ni baisa 1000, kwa hiyo bei zake huwa na desimali tatu: "OMR 1.250" ni rial moja na baisa 250, lakini aliyezoea mtindo wa Kijerumani ataona rial elfu moja na ushee. Kiasi cha namna hiyo kiandikwe na kwa maneno pia.

Kabla ya kunakili namba ya mgeni kwenda Excel, itazame. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kiingereza ikipewa "3.900" itaigeuza 3.9 bila onyo lolote. Ikipewa "3.900,00" kwa kawaida itaiacha kama maandishi, imeegemea kushoto mwa kisanduku, na jumla ya safu itairuka.