Bango jipya la getini: masharti ni yale yale, sababu zimeandikwa

Bango la zamani la kuona wagonjwa hospitalini kwetu limeshushwa. Lilikuwa na herufi kubwa nyekundu, kila mstari ukianza na NI MARUFUKU, na wa mwisho ukiahidi HATUA KALI ambazo hakuna aliyezijua, hata walinzi. Karatasi nyingi kwenye sanduku la maoni zililalamikia kufokewa na kutoelezwa sababu. Kwa hiyo idara ya uuguzi imeliandika upya. Naomba ieleweke mapema kwamba hakuna sharti lililolegezwa.

Mstari uliotuchukua muda mrefu kuliko yote ni wa chakula. Zamani ulisomeka: NI MARUFUKU KUMPA MGONJWA CHAKULA BILA RUHUSA. Ndugu aliyeamka alfajiri kupika huuona mstari huo kama dharau kwa chakula chake, basi hungoja muuguzi ageuke. Sasa unasomeka hivi: "Asante kwa chakula ulichomletea mgonjwa wako. Tafadhali muulize kwanza muuguzi wa zamu kama anaweza kula sasa. Mgonjwa anayesubiri upasuaji akila, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu akiwa amelala kwa dawa ya usingizi."

Chukua mama aliyepangiwa upasuaji saa 3 asubuhi. Saa 12 na nusu binti yake anamnywesha kikombe cha uji, akijua fika kwamba mama hatakiwi kula. Kwake uji si chakula, ni kitu cha kulainisha koo. Kwa daktari wa usingizi, uji na maziwa ni chakula, na upasuaji usio wa dharura husubiri angalau muda wa saa 6 tangu mgonjwa alipokula. Maji matupu ndiyo husubiriwa muda wa saa 2. Kwa hesabu hiyo mama hawezi kulazwa usingizi kabla ya saa 6 na nusu mchana, na kufikia hapo chumba cha upasuaji kimeshapewa wengine. Anarudishwa wodini na njaa yake, kisha familia inasema hospitali inawazungusha. Hatari zaidi ni mgonjwa anayeficha kwamba amekunywa. Ndiyo maana tumeongeza sentensi moja: "Kama ameshakula, tuambie. Hutagombezwa." Wauguzi nao wamekumbushwa kuitekeleza.

Mstari wa watoto ulihitaji sababu ya namna nyingine, maana hapa hoja huwa ile ile kila jioni: "Mwanangu mzima, haumwi." Mtoto mwenye surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea. Mlinzi hawezi kumkagua kwa macho, wala mimi siwezi, wala mzazi hawezi. Wodini kuna vichanga na watu ambao kinga yao imeshuka kwa dawa za saratani. Kwa hiyo bango linasema: "Tunaomba watoto chini ya miaka 12 wabaki nje, kwa sababu maradhi kama surua huambukiza kabla dalili zake hazijatambulika." Halisemi kwamba watoto ni wasumbufu, ingawa lile la zamani lilisema.

Yapo maneno ambayo hatukuyapamba. Karibu na mitungi ya oksijeni pameandikwa: "Usiwashe moto wala sigara hapa. Oksijeni hufanya moto uwake kwa kasi kubwa." Hakuna "tunaomba" hapo, kwa kuwa ombi mtu anaweza kulikataa.

Kuhusu hatua kali, sasa zimetajwa. Kila mgonjwa hupewa kadi mbili za wageni, hivyo wanaoingia ni wawili kwa zamu. Wakitoka, wengine huzichukua. Anayevunja sharti huelezwa kwanza na muuguzi. Akirudia, kadi yake hushikiliwa getini hadi muda unaofuata wa kuona wagonjwa, na jina lake huandikwa kwenye daftari la mlinzi pamoja na sababu. Hakuna faini. Anayedaiwa fedha getini adai risiti na afike ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Ruhusa maalumu ipo, kwa mfano mgonjwa akiwa mahututi, au ndugu akitoka safari ya mbali akafika nje ya muda. Huombwa kwa muuguzi kiongozi wa wodi, ambaye huandika kibali. Mlinzi hana mamlaka ya kuitoa, hivyo kumbembeleza au kumtukana hakusaidii. Mwambie tu unahitaji kuonana na muuguzi kiongozi. Kumpigia simu wodini ni wajibu wa mlinzi, na hilo nalo limeandikwa kwenye bango, mstari wa mwisho, palipokuwa na HATUA KALI.