Je, wajua kwa nini "nitarudi karibuni" haimtulizi mtoto wa miaka 5?

"Mwezi wa saba naenda kidato cha tano, bweni. Mdogo wangu ana miaka 5 na hajui kusoma. Nikimwambia nitarudi baada ya miezi miwili ananiitikia, halafu dakika moja baadaye ananiuliza kama ni leo jioni. Kwa nini haelewi, na barua ya kumuaga niiandikeje?"

Mwezi hauonekani, ndiyo sababu. Mtoto wa umri huo anaujua wakati kwa mambo yanayotokea mbele ya macho yake: uji, kuoga, kuku kuingia bandani, baba kurudi. Kiswahili chetu kinakwenda kesho, kesho kutwa, mtondo hadi mtondogoo, lakini yeye bado yuko palepale penye kesho, na hata hiyo anaichanganya na jana. Ukimwambia miezi miwili, umempa neno tu, hakuna kitu cha kushika.

Mswisi Jean Piaget, aliyechunguza sana akili za watoto, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1946. Aliendesha vikaragosi viwili mezani, vikaanza pamoja na kusimama pamoja, ila kimoja kilikwenda kwa kasi kikafika mbali zaidi. Watoto wadogo walimwambia kilichofika mbali ndicho kilichotembea kwa muda mrefu zaidi. Muda waliupima kwa umbali, kwa kuwa umbali ndio waliouona. Kwa hiyo ukimwandikia mdogo wako kwamba shule yako iko mbali sana, hadi unalala njiani kabla ya kufika, usishangae akiamini kwamba kurudi kwako nako ni mbali vilevile. Mikoa uliyopita mwachie baba, huyo itamfurahisha.

Mimi niliandika barua mbili, na ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliiandika kama tulivyofundishwa darasani, anwani juu kulia, tarehe, "dhumuni la barua hii", yote. Nikamalizia na "nitarudi karibuni". Nyumbani kwetu neno karibuni mdogo wangu alilijua kwa kazi moja tu: mtu akipiga hodi, mama huitikia "karibuni". Basi wiki mbili nzima, kila mama akiitikia hodi, mtoto alikuwa anatoka mbio hadi mlangoni, anamkuta jirani na ungo wake. Halafu niliandika pia lile neno ambalo wakubwa wote huliandika, kwamba sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba, mtunze mama. Alilichukua kama lilivyo. Mama alimkuta usiku amekaa kitandani, macho makavu, anasikiliza mlango.

La tatu sikuliandika, na ndilo lililouma zaidi. Sikumwambia kwa nini naondoka. Siku chache kabla ya safari alikuwa amevunja rula yangu nikamfokea. Mtoto mdogo akikosa sababu hujitafutia, na aliye karibu kuliko wote ni yeye mwenyewe. Nilipokuja likizo fupi ya mwezi wa tisa mama ndiye aliyeniambia: anasema dada ameenda kwa sababu ya rula.

Kwa hiyo ya pili niliiandika nikijua kwamba si yeye atakayeisoma. Atasomewa, na atasomewa tena na tena, maana simu mabwenini haziruhusiwi na sauti yangu ataipata kwa mama tu. Hilo linabadilisha uandishi. Sentensi ziwe fupi, kila moja na jambo moja, na maneno yawe yale unayomwambia kila siku, ili mama akisoma mtoto akusikie wewe. Ilikuwa hivi:

"Mdogo wangu, marahaba.

Mimi dada yako nakwenda shule ya kulala. Kitanda changu nitakitandika lile shuka la maua. Nakwenda kwa sababu madarasa ya shule ya hapa nimeyamaliza. Siendi kwa sababu ya rula. Rula nimekuachia, iko kwenye kopo la kalamu.

Hapa chini nimechora miduara 10. Kila Jumapili mkishakula chapati, paka rangi mduara mmoja. Ikijaa yote, nakuja. Nikichelewa, mama atakuchorea mwingine.

Kila jioni funga banda la kuku kabla hujala. Mama atakukumbusha.

Ukitaka kulia, lia. Hakuna atakayekasirika.

Ni mimi, dada yako."

Hiyo marahaba ya mwanzo si kosa. Kila asubuhi alikuwa ananiamkia shikamoo kabla hajapewa uji, na mama aliniambia kwamba kila akisomewa barua alikuwa anaitoa shikamoo yake kwanza, kwa sauti, halafu anasubiri jibu lisomwe. Ningeanza na hujambo, pengine angenyamaza tu.

Miduara 10 niliipata kwenye kalenda ya ukutani. Nilihesabu Jumapili tangu siku ya kuondoka tena baada ya likizo ile hadi shule inapofungwa mwezi wa 12. Siku zenyewe zingekuwa kama 70, na mtoto wa miaka 5 akitazama miduara 70 anaona ukuta. Kumi ni vidole vyake. Nilichagua Jumapili kwa sababu ya chapati. Kwenu ikiwa Ijumaa ndiyo siku ya pilau, hesabu Ijumaa. Ila sentensi ya kuchelewa usiiache, maana tarehe ya kufunga shule husogea na basi huharibika. Na usiandike kabisa "ukiwa na adabu nitarudi", kwa sababu siku atakayomwaga mboga ataamini amekufukuza.

Banda la kuku lilikuwa mbadala wa ule uanaume wa nyumba. Kazi iwe ndogo, imalizike, na aione imemalizika.

Barua msomee mwenyewe kabla hujaondoka, mwoneshe na miduara, halafu umpe mama aitunze. Wengine hupenda kutoroka alfajiri mtoto akiwa amelala, barua waiache mezani. Wanajiepusha na kilio cha stendi, nawaelewa, lakini mtoto aliyeamka akakuta kitanda kitupu ataogopa kulala. Aachwe alie huku anakuona.

Hata ukiandika vizuri, wiki za kwanza tegemea mambo. Wangu alirudia kukojoa kitandani, akawa anauliza kila asubuhi kama leo ni Jumapili. Hilo la pili ni dalili njema, ameshashika kamba ya kuhesabia. La kumtia mama wasiwasi ni mtoto akiacha kula au kucheza, na siku zikapita bila nafuu. Hapo barua haitoshi.

Jambo la mwisho linahusu siku ya kurudi, kwa sababu linawaumiza wengi. Mtoto anaweza kukukimbia. Mwingereza John Bowlby na mwenzake James Robertson, waliowafuatilia watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao hospitalini miaka ya 1940 na 1950, waliona hivyo: mtoto hulia, kisha hunyong'onyea, kisha huonekana kama amesahau, hata mama akija anamgeuzia uso. Dada si mama, lakini nilipoingia uani na tranka langu wangu alijificha nyuma ya khanga ya mama, shikamoo hakutoa. Nikakaa jamvini nikanywa chai. Kama nusu saa baadaye alikuja na ile karatasi, imelegea na ina mafuta ya chapati pembeni, akaiweka mapajani mwangu. Ilikuwa Jumamosi, na mduara wa 10 ulikuwa mweupe. Alitaka kujua kwa nini nimekuja kabla hajaupaka.