Kwanza kuingia, kwanza kutoka: maana yake katika stoo ya maharagwe

Kanuni yenyewe haina ugumu: gunia lililoingia stoo kwanza ndilo linalopelekwa jikoni kwanza. Wengi huichukulia kuwa kinga ya chakula kupitwa na tarehe. Kwa unga wa pakiti na mafuta ya kupikia, ni hivyo. Kwa nafaka na maharagwe, kuna sababu nyingine: wadudu wanahitaji muda, na kanuni hii huwanyima muda huo.

Chukua shule ya msingi pembezoni mwa Kisumu inayopikia watoto 300 githeri. Kwa kipimo cha gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharagwe kwa mtoto, kila siku huondoka kilo 45 za mahindi na kilo 12 za maharagwe. Gunia la mahindi la kilo 90 linakwisha kwa siku mbili, lakini la maharagwe linakaa siku saba na nusu. Kwa hiyo hatari ya chakula kulala stoo iko zaidi kwenye maharagwe, ingawa macho ya wengi huwa kwenye mlima wa mahindi.

Sasa tuseme muhula unaanza na magunia mawili ya maharagwe yaliyobaki, kisha lori linaleta mengine sita. Vibarua wanashusha haraka na kuyapanga palipo wazi, yaani mbele ya yale ya zamani. Mpishi naye anachukua lililo karibu na mlango. Magunia sita ni siku 45 za masomo, kama wiki tisa. Katika joto la Kisumu, fukusi wa maharagwe hutoka yai hadi mdudu mzima kwa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo yale mawili ya nyuma yanazalisha vizazi viwili bila kuguswa, na wadudu wanahamia magunia mapya yaliyo jirani. Kama yangetangulia kupikwa, yangekwisha kwa wiki tatu.

Kwa hiyo kazi hufanywa kabla lori halijafika: vuta magunia ya zamani mbele, fagia yalipokuwa, ndipo uruhusu mapya yapangwe nyuma. Andika tarehe ya kuingia kwa maka peni upande unaotazama njia, si juu ya gunia ambako jingine litaifunika. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi. Bila nafasi hiyo hakuna ukaguzi, na mavi ya panya yataonekana siku ya kuhamisha stoo tu.

Kuna kosa la jikoni linalofichua stoo iliyochanganywa: maharagwe ya sufuria moja yanaiva nusu, mengine yamevurugika na mengine bado ni mawe. Maharagwe yaliyokaa sana huchelewa kuiva, hasa yakihifadhiwa penye joto na unyevu. Mpishi akilalamika hivyo, usilaumu kuni. Nenda ukaangalie tarehe.

Ukaguzi wa wadudu ufanywe kila wiki, na usiishie kufungua mdomo wa gunia. Tumia bambo, uchome pembeni, katikati na karibu na chini, kisha uchekeche ulichotoa juu ya karatasi nyeupe. Tundu la mviringo kwenye harage ni habari ya jana, maana mdudu ameshatoka. Linalofaa kutafutwa ni kijidirisha cha duara kwenye ganda, chenye rangi tofauti kidogo: ndani yake kuna mdudu anayekaribia kutoka. Kwenye mahindi, unga mwingi unaomwagika chini ya gunia unaashiria dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita osama. Ingiza pia mkono ndani ya gunia. Likiwa na joto kuliko hewa ya stoo, kuna wadudu wengi au unyevu.

Hapo ndipo foleni huvunjwa. Gunia lenye dalili za wadudu hutolewa siku hiyo hiyo, hata kama liliingia juzi. Likiwa na matundu machache, chekecha, chambua na upike mapema. Kulianika tu huwafukuza wadudu wazima, lakini walio ndani ya punje wanaweza kubaki. Likinuka uvundo au kuwa na ukungu, halipikwi kabisa, kwa sababu kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Na vidonge vya kufukiza nafaka visiingizwe na mpishi wala mlinzi: gesi yake huua watu, na ni kazi ya fundi mwenye leseni, stoo ikiwa imefungwa na watoto wako mbali.