Gunia lina maana mbili. "Limejaa" halina mpaka

Mnunuzi wa viazi anampigia simu mkulima wa Isyonje, kwenye njia ya Uyole kwenda Tukuyu: "Mama, niandalie magunia kumi." Mama anauliza, "Ya viazi, au unataka matupu?" Akijibiwa, jambo limekwisha. Gunia ni mfuko, na gunia ni kipimo cha kilichomo. Neno moja, maana mbili zilizoachana: huo ndio utata. Hata "huu ni ua, lakini si ua" inaweza kuwa kweli, kama unaonyesha uzio na siyo maua.

Kesho yake mnunuzi anafika. Mama anasema gunia limejaa, yeye anasema bado, ongeza. Hapa swali la mama halisaidii tena. Wote wanajua kujaa ni nini na wanatazama gunia lilelile. Lipandishe kwenye mizani, isome kilo 92, ubishi utabaki palepale. Hiyo ndiyo dalili ya neno lisilo na mpaka: taarifa zote mnazo, na bado hamjui mseme ndiyo au hapana.

Chanzo chake kinaonekana ukihesabu viazi. Viazi 600 ni vingi. Toa kimoja: bado ni vingi, kwani nani atasema kiazi kimoja kimegeuza vingi kuwa vichache? Toa kingine, na kingine. Ukikubali kila hatua, utafika kwenye kiazi kimoja ukilazimika kusema ni vingi. Fumbo hili, kwa punje za nafaka, linahusishwa na Eubulide wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 4 KK. Mwanafalsafa Timothy Williamson anashikilia kwamba mpaka upo, ila hatuwezi kuujua. Mimi linanishinda: kama hakuna aliyeuweka, umetoka wapi?

Watu hujibu haraka kwamba "mrefu" hutegemea unamlinganisha na nani. Kweli, mkaratusi mfupi unampita mtu mrefu. Lakini tuseme tunazungumzia wanaume wazima wa Iringa tu. Sentimita 190 ni mrefu, 155 si mrefu. Na 176? Ulinganisho umeshatajwa, ukungu haujaondoka. Vivyo hivyo "sasa hivi" ya kondakta pale stendi: dakika tano sawa, saa tatu hapana, katikati hapo kila abiria na roho yake.

Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia ili kuzuia lumbesa. Haikuugundua mpaka huo ndani ya neno. Iliuweka, mahali ambapo mizani inaweza kusoma. Kwa macho, gunia la kilo 100 na la 101 ni pacha. Na ukimwuliza mshonaji nundu ile ya juu ilianzia kiazi cha ngapi, atakucheka huku akivuta kamba.