Kunawa mikono si hatua muhimu ya udhibiti

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya wachuuzi wa chakula hapa Kisumu, na ukutani palikuwa pamebandikwa karatasi yenye orodha ya "hatua muhimu za udhibiti" kumi na moja. Kuvaa aproni ilikuwamo, kukata kucha ilikuwamo, kufunika chakula, kunawa mikono, kupika hadi kiive, hata kutupa taka mbali na kibanda. Ilikuwa mara yangu ya nne au ya tano kuona orodha ya namna hiyo, na nadhani sasa inafaa dhana yenyewe ielezwe.

Hatua hizo hutafutwa kwa uchambuzi wa hatari, ambao ni kazi ya kukifuata chakula tangu kinapoletwa kibandani hadi kinapofika kwenye sahani, huku ukijiuliza katika kila hatua ni kitu gani kinaweza kuingia, kubaki au kuongezeka humo hadi kimdhuru mlaji. Hatua muhimu ya udhibiti ni ile ambayo ndani yake hatari hiyo huzuiwa, huondolewa au hupunguzwa hadi kiwango salama; ambayo ina kikomo kinachoweza kuangaliwa kazi ikiendelea; na ambayo kikomo kikikosekana, kuna la kufanya kabla chakula hakijauzwa.

Tatizo linaanza na neno "muhimu". Katika matumizi yetu ya kila siku, jambo muhimu ni jambo lenye uzito, na kwa kuwa usafi wote una uzito, kila kipengele cha usafi kinaonekana kustahili jina hilo. Lakini neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, "critical", lina asili ya Kigiriki, katika kitenzi chenye maana ya kutenganisha na kuamua, na waganga wa Ugiriki ya kale walitumia neno la mzizi huohuo kwa ile siku ambayo ugonjwa hugeuka, mgonjwa akaelekea kupona au kufa. Kinachotajwa hapo ni mahali pa kuamuliwa, na uzito wa jambo haumo. Laiti tafsiri ya kwanza ingesema "hatua ya uamuzi", ile karatasi ya ukutani ingekuwa fupi zaidi.

Neno "udhibiti" nalo halijasalimika. Wengi hulisikia kama ukaguzi, yaani afisa kupita na kalamu, ilhali kudhibiti ni kushika kitu kisiponyoke. Historia ya mfumo wenyewe wa uchambuzi wa hatari na hatua muhimu za udhibiti, unaoandikwa HACCP kwa kifupi cha Kiingereza, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ulizaliwa Marekani miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikitengeneza chakula cha wanaanga pamoja na NASA na maabara ya jeshi. Waligundua kwamba ili kuwa na uhakika kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa, wangelazimika kukipima kingi mno hadi kibaki kidogo tu cha kuliwa. Basi waliacha kutegemea ukaguzi wa mwisho, wakatafuta mahali katika utengenezaji ambapo hatari inaweza kushikwa. Mwaka 1993 Tume ya Codex, inayoshughulikia viwango vya chakula kimataifa, iliukubali mwongozo wa mfumo huo.

Tuchukue sufuria moja ya maharagwe, kwa sababu maneno haya hayana faida yasipofika jikoni. Mama mmoja anayeuza chapati na maharagwe karibu na Kondele huchemsha maharagwe jioni, huyaepua saa moja usiku, huyafunika, na asubuhi huyapasha moto na kuanza kuuza. Mtu angetarajia kwamba hatua ya uamuzi ni kule kupika kwa mara ya kwanza, lakini sivyo. Maharagwe yasiyoiva hayaliki, kwa hiyo hakuna mchuuzi atakayeyauza kabla ya kuchemka kwa muda mrefu, na vijidudu vya kawaida huwa vimekufa zamani. (Kwa mutura au kuku wa kuchoma ningesema vingine, maana huko nje hubabuka na ndani kubaki kubichi.)

Hatari iko usiku. Katika maharagwe huweza kuwamo bakteria wa jamii ya klostridia ambao hujifunga katika umbo gumu liitwalo spora, na spora huvumilia kuchemshwa. Sufuria kubwa iliyofunikwa hupoa polepole, na inapopita kwenye nyuzi arobaini na kitu spora huamka na bakteria huongezeka kwa kasi, wakati mwingine wakiwa maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Kufikia alfajiri maharagwe yanaweza kuwa na bakteria wa kutosha kumharisha mlaji, ilhali harufu na ladha havijabadilika hata kidogo.

Asiye na friji hawezi kuyapoza upesi inavyotakiwa. Anachoweza ni kuyaweka juu ya nyuzi 60 usiku kucha, jambo ambalo ni ghali kwa makaa, au kuyapasha asubuhi hadi yapite nyuzi 70 kote. Kwa bakteria hawa kupasha kunafaa, kwa kuwa humwumiza mtu wakiingia tumboni wakiwa hai, na joto hilo huwaua. Hiyo ndiyo hatua ya uamuzi ya sufuria ile. Hata kipimajoto kikikosekana, kikomo kinaonekana kwa macho: Kisumu maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96, hivyo mchuzi unaochemka umepita kikomo kwa mbali. Ila maharagwe mazito hudanganya. Hutokota pembeni huku katikati ni vuguvugu. Yakorogwe hadi chini, yaachwe, na yahesabiwe kuwa yamechemka pale tu katikati ya sufuria inapotokota. Yasipotokota, hayapakuliwi, yanarudi motoni.

Wali uliolala haupati msamaha huo. Bakteria wake mmoja huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni, kwa hiyo kuuchemsha upya asubuhi hakurudishi kilichopotea usiku. Hapo hatua ya uamuzi iko kabla ya sumu kutengenezwa, yaani katika muda ambao wali unakaa bila moto.

Sasa mikono. Nilimuuliza yule mama, "Mama, ukimaliza kunawa utajuaje kwamba mikono imekuwa salama?" Akacheka. "Nitajuaje, mwanangu? Nanawa tu na sabuni." Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko karatasi ya ukutani. Kunawa hakuna kikomo kinachoweza kuangaliwa pale pale, hufanyika mara nyingi kwa siku katikati ya kupokea pesa na kupakua, na kukisahaulika mara moja hakuna anayejua ni sahani ipi irudishwe motoni. Ndiyo maana kunawa huwekwa katika usafi wa msingi, ambao lazima uwepo kabla uchambuzi haujaanza.

Nakiri kwamba kwa mayai yanayomenywa kwa mkono na kujazwa kachumbari, ambayo hayaendi tena motoni, mikono na visu safi ndiyo kinga pekee iliyobaki. Mwongozo wa Codex uliorekebishwa mwaka 2020 unatambua jambo hilo, ukisema baadhi ya taratibu za usafi zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, lakini hata huko zinabaki kuitwa taratibu za usafi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, orodha yako isitupwe. Ipe tu kichwa kingine, "Usafi wa kibanda", na kunawa kukae juu kabisa. Kisha chini yake chora jedwali dogo lenye mstari mmoja wa maharagwe yaliyolala: kutokota katikati ya sufuria kabla ya sahani ya kwanza.